Bili ya Makadirio Si Ushahidi wa Maji Uliyotumia

Wasee, leo tuongee maji. Najua wengi mlikuja hapa kwa sababu ya video za Toi na mitumba, lakini hii story imekaa kwa ploti yetu miezi kadhaa na sioni kama niko peke yangu. Kama unaishi Makina, Kawangware, ama ploti yoyote yenye mita moja ya maji na vyumba kumi, hii ni yako pia.

Msimamo wangu ni huu: bili ya makadirio haisemi ulitumia maji kiasi gani. Inasema kampuni haikujua ulitumia kiasi gani, ikaweka nambari pale kwa sababu lazima kitu kiandikwe. Shida ni kwamba ikishaandikwa kwa karatasi ama kwa SMS, kila mtu anaichukua kama kipimo. Mwenye ploti anaiamini, wapangaji wanaiamini, halafu mnaanza kutafutana mchawi.

Kwetu mchawi alikuwa mama wa chumba cha sita. Yeye hufua nguo za watu, ndiyo kazi yake. Bili ya Mei ilipokuja karibu mara mbili ya kawaida, hakuna aliyeuliza kuhusu mita. Watu walimwangalia yeye. Ya Juni ikaja vilevile, na ya Julai pia. Kufikia hapo grupu ya WhatsApp ya ploti ilikuwa imeshaamua: mama anayefua alipe vyumba viwili, ama ahame. Yeye alijibu mara moja tu, "Mimi huchota mitungi sita kwa siku ya kufua, na nyinyi mnaniona." Hakuna aliyehesabu.

Mwenye ploti wetu ni mama mzee, tunamwita Hajat. Akaunti ya maji iko kwa jina lake. Nilienda kwake nikamwomba anionyeshe zile meseji za bili kwa simu yake. Mimi siku hizi sina lekcha za kukimbilia, kwa hivyo muda ninao. Akanipa simu akasema, "Angalia, mwanangu, lakini hao watu wa maji hawabishaniwi." Nikaziandika zote kwa daftari. Hapo ndipo mambo yalipoanza kueleweka, na ndiyo sababu hatua ya kwanza ninayokupa ni hiyo: panga bili zako za mwaka mzima kwa mstari mmoja kabla hujaongea na mtu yeyote.

Yetu ilikuwa hivi, kwa uniti. Januari 28. Februari 27. Machi 64. Aprili 71. Mei 54, Juni 54, Julai 54.

Uniti moja ni lita 1,000. Kwa lugha ya mtaa, hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Kwa hivyo Januari tulitumia mitungi 1,400 kwa ploti nzima ya watu 27, na hiyo inakuja kama lita 35 kwa mtu kwa siku. Kwa watu wanaooga kwa beseni, hiyo inaingia akilini. Machi na Aprili zilipanda kwa sababu bomba lilipasuka nyuma ya choo na lilimwaga kwa wiki nyingi kabla fundi hajalipata. Hayo maji yalipita kwa mita kweli, na Hajat aliyalipa. Hatubishani na hiyo.

Sasa angalia Mei, Juni na Julai. Watu 27 hawawezi kutumia uniti 54 kamili miezi mitatu mfululizo. Matumizi ya kweli hupanda na kushuka: kuna mwezi watu wameenda ushago, kuna mwezi maji yamekatwa wiki nzima. Nambari ikijirudia bila kubadilika, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba hakuna aliyesoma mita, ama mita yenyewe imesimama. Dalili ya pili iko kwenye bili yenyewe. Kuna mahali panaandikwa usomaji wa mwezi uliopita na usomaji wa sasa, na bili halisi ni kutoa tu: nambari ya sasa toa ya zamani. Kwetu nambari zote mbili zilikuwa 1846. Ukitoa 1846 kutoka 1846 unapata sifuri, lakini tulidaiwa 54.

Hiyo 54 ilitoka wapi? Kampuni nyingi zikikosa usomaji huchukua wastani wa miezi ya karibuni. Chukua Februari 27, Machi 64 na Aprili 71. Jumlisha upate 162, gawanya kwa tatu, upate 54. Hapo ndipo nilicheka peke yangu kwa ngazi. Yaani bomba lilipasuka, likatengenezwa, tukalipa, halafu lile lile bomba likaendelea kutudai kila mwezi kupitia kwa wastani. Mama wa chumba cha sita alikuwa anashtakiwa kwa maji yaliyomwagika nyuma ya choo mwezi wa Machi.

Kwa hivyo swali la kuuliza kampuni si "mbona bili iko juu?" Hilo watalijibu kwa sentensi moja: mnatumia sana. Uliza, "Makadirio haya yametoka kwa miezi gani?" Hilo linawalazimu wafungue akaunti na kuangalia.

Lakini kabla hujaenda, hakikisha mita kweli imekufa. Jaribio lake halihitaji fundi. Mita nyingi za nyumbani zina tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu. Nyeusi ni uniti, na hizo ndizo bili inahesabu. Nyekundu ni vipande vya uniti, yaani lita. Pia kuna kigurudumu kidogo, ama nyota, kinachozunguka maji yakipita. Siku maji yamekuja, waambie watu wote wafunge mifereji. Kigurudumu kikizunguka na hakuna anayechota, una bomba linalovuja na shida yako ni nyingine kabisa. Kikitulia, fungua mfereji mmoja ujaze mtungi wa lita 20. Mita nzima inafaa kusonga lita 20 hivi. Kwetu tulijaza mitungi mitano, lita 100, na hakuna tarakimu hata moja iliyosonga. Mchanga na vijiwe vidogo vinavyokuja na maji baada ya mgao huweza kukwamisha kile kipanga cha ndani, na maji yanaendelea kupita bila kuhesabiwa.

Kuna kinyume chake pia, na mitaa yetu inakijua. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa, hewa hutangulia kwa bomba. Ukiacha mfereji wazi, hewa inatoka ikipiga mluzi na inaweza kuzungusha mita kabla tone la kwanza halijafika. Hapo mita haijasimama, inahesabu upepo. Dawa ya kuanzia ni kufunga mifereji wakati maji hayapo, na ukiona nambari zinakimbia huku mtungi ni mkavu, rekodi.

Kuhusu kurekodi, hapa ndipo kazi yangu ilisaidia. Usipige picha kumi tofauti. Piga video moja isiyokatwa: anza na nambari ya mita iliyochongwa kwa mwili wake, onyesha tarakimu, nenda kwa mtungi unaojaa, rudi kwa tarakimu. Ukikata, mtu wa ofisini ana haki ya kusema hizo ni mita mbili. Yetu ilikuwa ya dakika nne, mbaya kwa kutazama, hakuna muziki. Ndiyo video muhimu zaidi nimewahi kupiga na imetazamwa na watu watatu.

Kisha malalamiko yenyewe. Kampuni sitaitaja, kwa sababu sitaki hii iwe vita ya komenti. Lazima mwenye akaunti ndiye alalamike, ama akupe barua iliyotiwa sahihi pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Hajat alitia sahihi. Tukaandika hivi, kwa barua pepe na pia kwa karatasi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa:

"Mita ya akaunti hii imesimama kwenye 1846 tangu Mei. Tumedaiwa uniti 54 kwa mwezi kwa makadirio, na wastani huo unajumlisha miezi miwili ya bomba lililopasuka, ambayo tayari tumelipa. Tunaomba: kwanza, mita ikaguliwe na ibadilishwe tukiwepo. Pili, bili za Mei, Juni na Julai zirekebishwe kwa usomaji wa mita mpya. Tatu, maji yasikatwe kwa kiasi tunachopinga wakati malalamiko yanashughulikiwa. Tunalipa sasa kiasi cha uniti 28 kwa kila mwezi, ambacho hatupingi. Tunaomba nambari ya malalamiko."

Naomba uangalie vitu viwili hapo. Cha kwanza, hatukusema hatudaiwi kitu. Kuna jirani aliniambia, "Buda, mita imesoma sifuri, lipeni sifuri." Hapana. Maji tulikunywa, tulioga, tulifua. Mita iliyokufa haifanyi maji kuwa ya bure, na ukienda kudai sifuri unampa karani sababu rahisi ya kukufukuza. Cha pili, tulilipa ile sehemu tunayokubali na tukasema kwa maandishi ni ya nini. Hiyo peke yake haimzuii mtu wa kukata maji asije na spana yake, ndiyo maana ombi la tatu liko pale. Lakini ukionekana unalipa, ni vigumu kuitwa mkaidi.

Jibu la kwanza lilikuwa kwa simu: "Mnatumia sana, lipeni kwanza halafu tutaangalia." Hapo usigombane. Sema tu, "Sawa, naomba jibu hilo kwa maandishi na nambari ya malalamiko." Si maneno ya kutisha, ni Katiba. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, halali na wa busara, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi kama uamuzi huo unagusa haki yake. Kifungu cha 46 kinazungumzia haki za mnunuzi, na kinahusu huduma za umma pia. Jibu la simu halina mahali pa kukata rufaa. La maandishi lina.

Kama kampuni ikinyamaza, kuna ngazi ya juu. Sheria ya Maji ya 2016 iliweka bodi ya kudhibiti huduma za maji, ile inayojulikana kama WASREB, ambayo inasimamia kampuni za maji na bei zao, na inapokea malalamiko ya wateja. Pia kuna Tume ya Haki ya Utawala, inayoshughulikia ofisi za umma zinazokuzungusha. Lakini kote huko swali la kwanza ni lile lile: ulilalamika kwa kampuni kwanza, na nambari yako ya malalamiko ni gani? Bila hiyo unarudishwa mwanzo.

Sisi hatukufika huko. Wiki ya tatu fundi wa kampuni alikuja, akagonga mita, akajaza ndoo, akaandika "imekwama". Baada ya siku chache mita mpya ikaja. Sasa hapa sikiza vizuri, kwa sababu kuna mtego mdogo. Siku ya kubadilisha mita, piga picha ya nambari ya mwisho ya mita ya zamani na nambari ya kuanzia ya mita mpya, zote mbili, kabla fundi hajaondoka. Mita mpya si lazima ianze na sifuri, yetu ilianza na 3. Kama hizo nambari hazikuingizwa vizuri kwa kompyuta, bili inayofuata itatoa nambari ya mita moja kutoka kwa nambari ya mita nyingine, na utadaiwa kitu cha ajabu ama utarudishwa kwa makadirio.

Baada ya siku 14 nilisoma mita mpya: 16. Toa 3, tumetumia uniti 13. Hiyo ni karibu lita 930 kwa siku, yaani uniti 28 kwa mwezi wa siku 30. Unakumbuka Januari? Ilikuwa 28. Mama wa chumba cha sita alikuwa anafua siku zote hizo 14, nilihakikisha, na bado ploti haikuvuka ya kawaida. Nilituma hiyo hesabu kwa grupu na picha mbili za mita. Kimya kikatanda mpaka jioni.

Kwa hivyo madai yetu yakawa wazi. Tulidaiwa 54 mara tatu, ambayo ni 162. Tulitumia kama 28 mara tatu, ambayo ni 84. Tofauti ni uniti 78. Badilisha hiyo kwa mitungi: 3,900. Mitungi elfu tatu na mia tisa ambayo hakuna mtu aliibeba.

Marekebisho yalikuja wiki ya sita, na yalikuja na kasoro ambayo wengi hawawezi kuigundua. Walifuta zile 162 wakaweka 84, sawa. Lakini waliziweka zote 84 kwenye mwezi mmoja. Ukiangalia haraka unaona uniti zimeshuka, unafurahi, unalipa. Tatizo ni kwamba akaunti yetu ni ya bei ya ngazi: uniti za kwanza kila mwezi ni nafuu, na kadiri unavyopanda ndivyo kila uniti inavyokuwa ghali. Tuseme uniti 6 za kwanza ndizo za bei ya chini. Ukigawanya matumizi kwa miezi mitatu, unapata ile bei ya chini mara tatu, uniti 18. Ukirundika mwezi mmoja, unapata mara moja tu, uniti 6, na zingine zote zinapanda ngazi. Kama mmeunganishwa na bomba la maji taka na linatozwa kwa asilimia ya bili ya maji, kosa hilo linaingia huko pia. Tulirudisha barua ya mistari miwili: tunakubali uniti 84, tunaomba zigawanywe 28, 28, 28, kila mwezi kwa bei yake. Wiki moja baadaye ilifanyika. Hiyo ya mwisho haikuwa na ubishi wowote, tulihitaji tu mtu wa kuuliza.

Jumla wiki saba, nauli ya kwenda ofisini mara mbili, na kuprinti.

Najua kuna msee atasema mambo ya mita ni ya mwenye ploti, mpangaji atayajulia wapi. Lakini ukilipa maji kwa kugawana, wewe ndiye unalipia makadirio, si Hajat. Na kusoma mita si siri ya mafundi. Huko Kayole-Soweto, tangu 2014, kulianzishwa huduma iliyoitwa Jisomee Mita, ambapo mwenye nyumba anasoma mita yake na kutuma nambari kwa simu, halafu bili inatoka kwa nambari hiyo. Jina lenyewe linakuambia kazi ni ya nani.

Kwa ploti yetu sasa kuna utaratibu mdogo. Tarehe 1 ya kila mwezi mtu mmoja anapiga picha ya mita na kuituma kwa grupu, kwa zamu, chumba kwa chumba. Mwezi wa kwanza ilikuwa zamu ya chumba cha sita. Mama alituma picha iliyonyooka, tarakimu zote zinaonekana, na chini yake akaandika, "Hizi ndizo zetu sote." Hakuna aliyesema lolote kuhusu kufua.